Simu ya Saa Tano Usiku

Simu ilipoita saa tano usiku nilijua ni nani kabla sijaitazama. Shoga yangu wa Tanga, tangu ndoa yake ivunjike, alizoea kunipigia akishalaza watoto. Kwake ndio kwanza nyumba imetulia, na kifurushi cha usiku kina dakika za kutosha. Kwangu mimi, saa kumi na nusu alfajiri sharti niwe macho niwahi daladala ya Mbagala. Tukiagana saa saba, nabaki na saa tatu na nusu za kulala.

Kwa miezi miwili nilijitetea kwa visingizio. Chaji inaisha. Mtandao unasumbua. Mtoto kaamka. Ubovu wa kisingizio ni kwamba kinamaliza usiku mmoja tu. Kesho chaji imejaa, na mwenzako hajaambiwa lolote la kumzuia asipige. Tena kuna siku nilipokea kwa huruma, na siku nikaiacha iite hadi ikakatika. Nilidhani nampunguzia, kumbe namzoesha. Wanasaikolojia wanalijua hili vizuri: jambo linalomfanikia mtu mara mojamoja, bila mpangilio, ni gumu kuliacha kuliko linalomfanikia kila mara, kwa kuwa hajui kama jaribio linalofuata ndilo litakalojibiwa. Ndiyo maana alikuwa akipiga hata mara nne mfululizo.

Nilimwambia Jumamosi mchana, na huo mchana niliuchagua. Usiku msikilizaji amechoka, maneno yanamtoka na hasira ndani yake, na anayepiga saa hizo ana moyo mwepesi kuumia. Ukimwambia "usinipigie", atasikia "sikutaki".

"Shoga," nilimwambia, "nataka niendelee kukusikiliza, ila usiku siwezi tena. Kazini nasinzia. Kuanzia leo, ikifika saa tatu usiku naweka simu kando. Jumatano na Jumapili, saa kumi na mbili jioni, nitakupigia mimi mwenyewe tuongee nusu saa."

Akanyamaza. Kisha: "Kwa hiyo nakuchosha?"

Hapa ndipo wengi wetu tunapobomoa tulichojenga. Kwa aibu tunasema, "Aa, hapana, piga wakati wowote," na saa tano ileile simu inaita. Nilimjibu: "Usiku ndio unaonichosha. Wewe nataka nikusikilize nikiwa macho."

Ahadi ya kupiga mimi ndiyo iliyobeba mazungumzo yale. Mtu anayejua kwamba Jumatano anapigiwa anaweza kulibeba jambo lake siku mbili. Lakini ukiahidi halafu usipige, utakuwa umemnyima usiku na jioni pia, na hapo ana haki ya kuona kwamba umemkwepa. Niliweka kengele kwenye simu, nisitegemee kumbukumbu.

Wiki ya kwanza simu hazikupungua, ziliongezeka. Usishtuke yakikufika; mlango uliozoea kufunguka ukifungwa, mtu husukuma kwa nguvu kwanza. Ukipokea usiku wa tatu kwa kuchoka kusikia mlio, umemfundisha kwamba dawa ni kusukuma zaidi. Sikupokea. Asubuhi nilimtumia ujumbe: "Nimeona ulipiga. Jumatano jioni tupo."

Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa huondoka, wala haoni ametukanwa. Simu haina hodi. Inaingia moja kwa moja hadi mtoni. Tukakubaliana aitumie meseji kuwa hodi yake: akiwa na neno usiku, aliandike, mimi nitalisoma nikiamka.

Na dharura je? Nililiwazia sana hili, maana watoto wake nawapenda. Simu nyingi za Android zina hali ya Usinisumbue, inayonyamazisha miito, na ndani yake unaweza kuruhusu anayepiga mara ya pili ndani ya dakika 15 asikike. Nilimweleza: "Mtoto akiugua, au ukijiona huwezi kuvuka usiku huu peke yako, piga mara mbili. Nitaamka." Mtu anayezungumzia kutotaka kuishi haambiwi asubiri Jumatano. Huyo unampokea saa yoyote, unakaa naye kwenye simu, na unamtafuta ndugu au jirani aliye karibu naye aende mlangoni, kwa sababu wewe uliye mbali na sauti tu huwezi kumlinda peke yako.

Alipiga mara mbili usiku mmoja, mwezi wa pili. Mdogo alikuwa na homa kali na degedege. Niliamka, nikakaa naye kwenye simu hadi jirani alipoleta bajaji ya kuwapeleka hospitali.

Jumatano iliyofuata nilimpigia saa kumi na mbili. Mtoto alikuwa akicheza, nilimsikia nyuma yake. Tuliongea dakika 20, kisha yeye ndiye akasema: "Haya shoga, ngoja nikapike, watoto wana njaa. Tutaongea Jumapili."