Choo cha Kwanza Ndani ya Ikiriri

Mjini Gisenyi, mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida bila matatizo hukaa kituoni siku moja hivi, kisha hurudishwa nyumbani na kuingia ikiriri, yaani kitanda cha uzazi. Kwa desturi ya Kinyarwanda hulala humo hadi siku ya nane, mtoto anapopewa jina. Familia za Kiislamu huhesabu arobaini. Majirani huja kumhemba, mikono haiji mitupu, na igikoma, uji wa mtama, mahindi na soya, haukauki jikoni.

Choo kikubwa cha kwanza huja mara nyingi kati ya siku ya pili na ya nne. Kwa hiyo kinamkuta ikiririni, muuguzi yuko mbali, waliopo ni mama mkwe, shangazi na dada. Hao watamuuliza kama maziwa yametoka na kama kitovu cha mtoto kimekauka. Habari ya choo haiulizwi, na mzazi mwenye nyuzi anaona haya kuianza.

Tumfuate mama aliyejifungua Jumatatu, akachanika kidogo na kushonwa. Leba ilimkausha maji na hakula karibu siku nzima. Homoni za ujauzito zilizolegeza utumbo hazijaisha mwilini, na vidonge vya kuongeza damu anavyomeza navyo hukausha choo. Jumatano haja inamjia, anaibana. Alhamisi anapunguza chakula ili asipate cha kutoa. Wakati huo utumbo mpana unaendelea kunyonya maji kutoka kwenye kinyesi kilichobaki, kinakuwa kikavu na kinene, na Ijumaa kinauma kweli. Hofu yake imetengeneza kile alichokuwa anakiogopa.

Laiti angeambiwa mapema nyuzi zake ziko wapi! Mchaniko wa kawaida hushonwa kwenye nyama iliyo kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa, tabaka kwa tabaka, kwa uzi unaoyeyuka wenyewe baada ya wiki kadhaa. Choo hupita nyuma ya jeraha. Kinalivuta kidogo, lakini choo laini hakiwezi kukata mshono uliofungwa vizuri.

Kulainisha kunaanzia kwenye kikombe. Igikoma kinafaa, ila kwa siku hizi kiwe chepesi cha kunyweka, si kizito cha kusimamisha kijiko, na maji safi yakae karibu na anaponyonyeshea, anywe kila mtoto anaponyonya. Ndizi na ugali vikija na sambaza za Kivu tu, tumbo halipati makapi ya kusukuma. Viongezwe dodo au isombe, maharage, na papai bivu au marakuja pamoja na mbegu zake. Vidonge vya damu asiviache kwa uamuzi wake mwenyewe, amweleze mhudumu.

Saa nzuri ni asubuhi, nusu saa hivi baada ya uji wa moto, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo mpana huamka. Haja ikija, aende papo hapo. Kwenye choo cha kukaa, aweke miguu juu ya kigoda ili magoti yapande juu kuliko nyonga, kisha ainame mbele. Kwenye choo cha shimo, dada amshike mkono, kwani miguu bado haina nguvu. Achukue kitambaa safi au pedi, akishikize juu ya nyuzi kwa kiganja, akibonyeza taratibu kuelekea juu. Asizuie pumzi na kukamua; apumue nje polepole mdomo ukiwa wazi. Choo kisipotoka baada ya dakika kumi, ainuke, atembee uani, ajaribu tena baadaye. Akimaliza ajioshe kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma. Aliyepasuliwa hushikilia mto mdogo juu ya kidonda cha tumbo.

Kuna jambo moja la kuwaomba wakubwa waache: kumwingizia mzazi dawa ya majani kwa nyuma. Kifaa kinaweza kujeruhi mshono, na nguvu ya dawa haijulikani. Siku ya nne ikipita bila choo, mjanja wa familia asitafute mizizi. Mzazi aende kituo cha afya, atapewa dawa ya kulainisha kama laktulosi, ambayo haidhuru maziwa na huchukua hadi siku mbili kufanya kazi. Aliyechanika hadi kwenye msuli wa njia ya haja hasubiri siku hiyo: yeye huanzishiwa dawa hiyo mara baada ya kushonwa, na kwake huyo kitu chochote kisipitishwe nyuma.

Tone la damu kwenye kitambaa ni jambo la kawaida. Lakini homa, usaha au harufu mbaya, mshono ulioachana, choo au upepo unaotoka bila kuzuilika, au tumbo lililovimba likiambatana na kutapika bila upepo kutoka, hayo yanamtoa ikiririni siku hiyo hiyo, hata kama ya nane haijafika.