Si Kila Jasho la Usiku ni Malaria

Mama mmoja wa kikundi chetu cha akina mama kanisani, mwenye umri wa miaka 49, alinifuata siku moja baada ya ibada akiwa na mfuko mdogo wa dawa mkononi. "Sista, malaria hii haitaki kuniacha," aliniambia. Kwa muda wa miezi minne alikuwa amemeza dawa ya mseto mara tatu, na zote alizinunua dukani bila kupimwa. Usiku, mnamo saa nane, aliamka gauni lake limelowa jasho na moyo ukimdunda. Baada ya dakika chache alihisi baridi, akajifunika tena. Mwishowe alianza kutandika mkeka sebuleni ili asimsumbue mumewe, naye mume akawa anajiuliza amemkosea nini mkewe.

Nilimwuliza kuhusu hedhi yake. Akasema ilikuwa ikiruka miezi miwili, kisha inakuja nyingi. Nilimwuliza kama kichwa na viungo vilimwuma, au kama chakula kilimkataa. Akajibu hapana. Nikamwuliza kama jasho hilo humjia mchana pia. Hapo alicheka kwa aibu. Humjia jikoni, humjia hata akiwa amesimama kwenye kwaya: joto huanzia kifuani, hupanda shingoni na usoni, na ndani ya dakika tatu au nne huwa limepita.

Nilimwazima kipimajoto. Nilimwagiza kwamba akiamka usiku afute kwapa likauke, akiweke humo mpaka muda wake utimie, kisha aandike namba anayoiona. Aliandika 36.6. Siku ya pili alikwenda kituo cha afya. Kipimo cha damu hakikuonyesha malaria. Walimpima pia mkojo wa mimba, maana hedhi inayoruka haimaanishi kwamba mwanamke hawezi tena kushika mimba. Hakuwa na mimba. Alikuwa ameanza safari ya kukoma hedhi.

Kwa nini joto huja ghafla?

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayolinda joto la mwili. Mwanamke anapokaribia kukoma hedhi, homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila mpango, na sehemu hiyo huwa nyepesi mno kushtuka. Joto likizidi kidogo tu, ambalo zamani usingelitambua, ubongo hudhani mwili unaungua. Hufungua mishipa ya damu ya ngozi na kuamuru jasho litoke. Jasho likikauka mwili hupoa kupita kiasi, ndipo baridi inapofuata. Wanawake wengi huanza kuona hali hii katika miaka ya arobaini na kitu, na huweza kudumu miaka kadhaa hata baada ya hedhi kukoma.

Daftari la wiki mbili

Nilimshauri mama huyu aandike kila joto linapomjia: saa ngapi, alikuwa amekula au kunywa nini saa mbili kabla, na alikuwa amevaa nini. Baada ya wiki mbili tulilisoma daftari pamoja. Siku ambazo alikunywa chai ya moto yenye tangawizi nyingi kabla ya kulala, aliamka mara tatu au nne. Siku alizoikosa, aliamka mara moja. Mchuzi wa pilipili wa jioni nao ulijitokeza mara nyingi. Lakini kahawa ya asubuhi, ambayo alikuwa ameshaiacha kwa kuambiwa na jirani, haikuonyesha tofauti yoyote alipoirudia.

Ndiyo maana sipendi kumpa kila mama orodha moja ya vyakula vya kukataa. Vinavyotajwa sana ni vinywaji vya moto, pilipili, kahawa na pombe, lakini kinachomwamsha mmoja humwacha mwingine alale. Acha kitu kimoja tu kwa wiki moja, uone. Ukiacha vitano kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa na kosa.

Kujipooza

Mama huyu alikuwa akilala na gauni la nailoni chini ya blanketi moja zito. Alibadili akavaa gauni la pamba, akajifunika khanga mbili badala ya blanketi, ili aweze kuondoa moja bila kubaki wazi. Khanga ya tatu kavu aliiweka kando ya mto. Karibu na kitanda aliweka chupa ya maji baridi na kitambaa chenye unyevu. Joto likianza hunywa mafunda machache, hujipangusa shingo na vifundo vya mikono, kisha hujipepea. Hapa Pwani hewa ni nzito, hivyo kitambaa kibichi bila kupepea hakisaidii sana. Dirisha likiwa wazi, chandarua kisiondolewe hata kama unaona kinazuia hewa, kwani malaria bado ipo.

Hatua hizi hazizuii kila joto. Hulifanya lipite kwa unafuu na kukurudisha usingizini mapema. Kwa mama mwenye uzito mkubwa, kupungua uzito nako huweza kupunguza joto hilo. Jambo jingine lililomsaidia ni kumweleza mumewe. Alipoelewa, mume mwenyewe aliukunja ule mkeka wa sebuleni.

Lini umwone daktari?

Mama mwingine alisikia habari hizi akasema, "Basi hata langu ni la umri." Lakini yeye alikuwa na kikohozi cha wiki tatu, na gauni zake zilikuwa zimempwaya. Nilimpeleka apimwe makohozi, akakutwa na kifua kikuu. Alianzishiwa dawa za miezi sita, akazimaliza.

Kwa hiyo nenda kapimwe usichelewe ikiwa joto la kwapani limefika 37.5 au zaidi, una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, unakonda bila sababu, au una tezi zilizovimba. Nenda pia ikiwa mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio hata joto lisipokuwepo, kwani tezi ya shingo huweza kuleta hali hiyo. Mwenye kisukari anayetumia dawa akiamka na jasho na kutetemeka apime sukari mara moja. Asipokuwa na kipimo, anywe maji yenye sukari, kisha amweleze daktari wake. Aliye chini ya miaka 40 asiseme ni umri. Na damu ikitoka baada ya hedhi kukoma miezi 12, hata kama ni tone, lazima uchunguzwe, kwani huweza kuwa dalili ya saratani.

Ikiwa ni kukoma hedhi tu, lakini hulali wala hufanyi kazi vizuri, bado una haki ya kutibiwa. Dawa za homoni ndizo zenye nguvu kuliko zote kwa tatizo hili, lakini hazimfai kila mtu. Mweleze daktari kama umewahi kuugua saratani ya matiti, kuganda damu miguuni au kwenye mapafu, kiharusi, au ugonjwa wa ini. Mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake. Huongezewa homoni ya pili ya kuulinda mfuko huo. Kwa wasioweza kutumia homoni zipo dawa nyingine. Usimeze vidonge vya jirani yako.

Unapokwenda, chukua daftari lako la wiki mbili na namba za kipimajoto. Mtabibu akiona saa, joto na tarehe za hedhi, atajua aanzie wapi.