Kumwomba Profesa Asimamie Tasnifu (2): Utabiri wa Mavuno Utapimwa kwa Kitu Gani?

Wiki iliyopita tuliona namna ya kumchagua msimamizi. Leo tuisome barua yenyewe. Tuchukue mwanafunzi wa uzamili anayetaka kutabiri mavuno ya mahindi mkoani Dodoma kwa picha za satelaiti. Kishawishi chake ni kujaza aya ya kwanza majina ya mbinu za kompyuta. Mbinu hizo profesa anazijua. Asichokijua, na ndicho kitakachomfanya akubali au akatae, ni mavuno hayo yalipimwaje na utabiri utajaribiwa kwa msimu upi.

Mkulima akiulizwa amevuna kiasi gani hujibu kwa magunia, na gunia la lumbesa halilingani na gunia la kawaida. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuweka miraba shambani, kuvuna kilichomo, kukausha punje na kuzipima. Satelaiti ya Sentinel-2 hupiga picha ambazo kila nukta yake ni mita 10 kwa 10, kwa hiyo shamba la nusu ekari lina nukta kama 20 tu, na za mipakani zimechanganyika na shamba la jirani. Pakiwa na mbaazi katikati ya mahindi, au mawingu wiki ambazo mahindi yanachanua, hali huwa ngumu zaidi. Barua inayoyataja haya kwa sentensi mbili inaonyesha kwamba mwandishi amekwisha kuzitazama picha zake.

Kisha kuna jaribio. Tuseme ana takwimu za wilaya 7 kwa miaka 10. Akizichanganya na kuficha baadhi bila mpango, mwaka wa ukame utabaki pande zote mbili, katika takwimu zilizofichwa na zisizofichwa. Kompyuta itaukariri mwaka huo, naye atadhani imetabiri. Afiche mwaka mzima, kisha alinganishe kosa lake na la mtu aliyekisia tu wastani wa wilaya kwa miaka iliyobaki. Kosa lake likiwa kilo 300 kwa hekta na la wastani kilo 310, satelaiti haijaongeza kitu cha maana.

Wapo watakaosema kwamba hayo ndiyo anayokwenda kufundishwa, na barua si tasnifu. Ni kweli kuhusu hesabu, na hakuna anayedai matokeo kabla ya kazi. Lakini msimu haumsubiri mtu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, aghalabu Desemba hadi Aprili. Barua ikifika baada ya mahindi kuvunwa, hakuna msimamizi awezaye kurudisha miraba ambayo haikupimwa, na mwaka mzima wa masomo umepotea.

Basi ewe mwanafunzi, barua iandike kabla mvua hazijaanza, ukurasa mmoja tu, na umwambie profesa ni takwimu zipi unazo mkononi na zipi bado unaziomba.