Mnunuzi wa pawatila anaandika nini?

Mkulima wa Kilosa anayeuza pawatila yake kwenye Jiji au Facebook Marketplace mara nyingi hunakili kichwa cha tangazo kutoka kwenye kibati cha injini: modeli, namba, nguvu za farasi. Mnunuzi aliyeko Dumila huenda hazijui namba hizo. Maneno anayotumia yeye unaweza kuyaona kabla hujatangaza, kwa sababu kisanduku cha kutafutia kinapokumalizia sentensi, kwa kawaida hukopa maneno ambayo watu wengi wameshaandika hapo.

Toka kwenye akaunti yako, fungua dirisha la faragha la kivinjari, kisha andika “power tiller” kwenye kisanduku cha kutafutia cha Jiji bila kubonyeza kitufe cha kutafuta. Soma orodha inayoshuka. Ongeza nafasi na herufi a, soma tena. Futa, weka b, uendelee hivyo mpaka z. Kwenye k huenda ukaona “kubota”, kwenye u “used”, kwenye t “tela”. Rudia zoezi kwa “pawatila”, “pawa tila” na “trekta ndogo”, maana watu huandika wanavyosikia. Nakili kila pendekezo jinsi lilivyo, pamoja na makosa yake ya tahajia. Ni kazi ya kuchosha.

Dirisha la faragha lina sababu. Ukiwa ndani ya akaunti, orodha huchanganyika na historia yako, na mara nyingi alama ndogo ya saa kando ya pendekezo ndiyo inayokuonyesha kuwa uliliandika wewe mwenyewe. Mtego mwingine ni ule mstari wa maneno juu ya kibodi ya simu. Huo unatoka kwenye simu yako, hauna habari yoyote ya wanunuzi.

Sasa bonyeza kila pendekezo uone kinachotokea. Tuseme “power tiller na tela” inaleta picha za matela matupu: wanaoandika hivyo huenda wanatafuta tela tu, au wauzaji wenzako hawajui kutangaza. Soma matangazo matano ya juu kabla hujaamua. Pendekezo likilingana na mashine yako, lifanye kichwa cha tangazo, na ile namba ya kibati ishuke kwenye maelezo.

Mpangilio wa orodha hautaji idadi ya watafutaji. Na “power tiller kilosa” isipojitokeza, usidhani wateja hawapo. Wilaya moja huwa na watafutaji wachache mno kufikia orodha hiyo. Mimi ningeandika Morogoro kwenye kichwa na Kilosa kwenye maelezo, hasa sasa ambapo tangu 2024 treni ya umeme inaweza kumleta mnunuzi kutoka Dodoma mpaka Kilosa akaijaribu mashine. Zoezi lenyewe lirudiwe mvua zinapokaribia, kwani anayetafuta plau mwezi huo huenda baada ya mavuno akatafuta tela la kubebea mpunga.