Kilimo Ikolojia na Kilimo cha Pembejeo Nyingi: Mizani ya Ulinganishi katika Insha ya Shahada ya Kwanza

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza jinsi mwanafunzi wa shahada ya kwanza anavyoweza kuijenga insha inayolinganisha mifumo miwili ya kilimo bila kuielemea upande mmoja. Aghalabu insha za namna hii huandikwa kwa utaratibu mmoja: faida za mfumo wa kwanza, hasara zake, faida za mfumo wa pili, hasara zake, kisha hitimisho lisemalo kwamba yote mawili yatumike kwa pamoja. Mwanafunzi huamini kwamba kwa kuzipa pande zote mbili kurasa sawa ametenda haki. Hoja ya makala haya ni kwamba mizani ya insha haimo katika idadi ya kurasa. Huamuliwa mapema zaidi, katika maneno yaliyochaguliwa kuitaja mifumo hiyo na katika kile ambacho kila mfumo umewekwa ukabili.

Mfano utakaofuatwa ni wa mwanafunzi wa kubuni kutoka Ikonge, katika nyanda za juu za Nyamira. Mahali hapo panafaa kwa sababu ardhi ni haba. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 605,576 katika kaunti ya Nyamira, yaani zaidi ya watu 600 kwa kila kilomita ya mraba, na wengi wao huishi kwa kulima. Mwanafunzi atokaye katika shamba la aina hiyo haandiki juu ya jambo la mbali. Akikosea ulinganishi, anaikosea hesabu ya nyumbani kwao.

2. Tatizo la istilahi

Kosa la kwanza hutokea katika kichwa cha insha. Mifumo hii miwili huitwa kwa majina ambayo tayari yametoa hukumu. Mwandishi anayeandika “kilimo cha kisasa” na “kilimo cha kienyeji” amekwisha kumwambia msomaji nani yuko mbele na nani amebaki nyuma. Naye anayeandika “kilimo cha kemikali” na “kilimo cha asili” ametoa hukumu hiyo hiyo kinyumenyume. Hali kadhalika, kitu kimoja kinachonyunyiziwa mahindi huitwa “dawa” na mtu mmoja, na “sumu” na mwingine. Neno “kiuatilifu” halina sifa wala lawama, na kwa hiyo ndilo lifaalo insha.

Tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza huzua tatizo jingine. “Kilimo cha kawaida” hutumiwa kwa maana ya kilimo kinachotegemea mbegu chotara, mbolea za viwandani na viuatilifu. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuipata maana hiyo, kwa kuwa kawaida ni yale watu waliyoyazoea. Na yaliyozoeleka katika shamba la Ikonge ni mchanganyiko. Hapo hupatikana mahindi chotara yaliyopandwa pamoja na maharagwe, migomba karibu na nyumba, majani ya napia kwa ng'ombe wa zizini, chinsaga na managu kwa mboga, na kipande cha chai kinachotiwa mbolea ya NPK. Hii ndiyo kawaida, nayo haimo katika upande wowote wa swali. “Kilimo cha pembejeo nyingi” ni jina refu kidogo, lakini linasema kinachofanyika bila kukisifu.

Upande wa pili unahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo. Kilimo ikolojia huchanganywa na kilimo-hai. Kilimo-hai kina masharti na hati, na masharti hayo hukataza mbolea za viwandani. Kilimo ikolojia ni kundi la kanuni. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitaja vipengele 10 mwaka 2018, na jopo la wataalamu wa Kamati ya Usalama wa Chakula Duniani likataja kanuni 13 mwaka 2019. Kanuni mojawapo inahusu kupunguza au kuondoa utegemezi wa pembejeo za kununua. Kati ya kupunguza na kuondoa kuna nafasi kubwa, na mwandishi asiyeiona ataulinganisha mfumo mmoja na kivuli cha mfumo mwingine.

3. Nini kinalinganishwa na nini?

Kosa la pili ni gumu zaidi kuonekana, kwa sababu hufichwa na tarakimu. Tafiti mbili mashuhuri hunukuliwa katika insha nyingi juu ya kilimo-hai. Mwaka 2007 Catherine Badgley na wenzake walieleza kwamba katika nchi zinazoendelea mavuno ya kilimo-hai yalikaribia kuwa mara 1.8 ya yale yaliyolinganishwa nayo. Mwaka 2012 Verena Seufert na wenzake walieleza kwamba, kwa wastani, mavuno ya kilimo-hai yalikuwa chini kwa asilimia 25. Mwanafunzi huziweka tarakimu hizo kando kwa kando, akasema wataalamu wanatofautiana, na kudhani kwamba hapo amefikia usawa.

Kwa hakika tofauti hiyo inatokana kwa kiasi kikubwa na mshindani aliyechaguliwa. Katika mifano mingi ya nchi zinazoendelea iliyokusanywa mwaka 2007, upande wa pili ulikuwa ni shamba lililopata pembejeo chache mno. Shamba la namna hiyo likipewa samadi, mikunde na uangalizi, lazima liongeze mavuno, kama ambavyo lingeongeza kwa mfuko wa mbolea. Utafiti wa 2012 ulichuja mifano kwa masharti makali zaidi, na sehemu kubwa ya mifano yake ilitoka nchi tajiri, ambako shamba shindani hulishwa mbolea ya kutosha. Kila utafiti, basi, umejibu swali lake.

Mwanafunzi wa Ikonge anaweza kuliepuka kosa hili kwa kutaja mashamba matatu badala ya mawili: shamba lilivyo sasa, shamba lile lile likiongezewa pembejeo za kununua, na shamba lile lile likiongezewa kazi na samadi. Swali la haki ni hili: kutoka hali ya sasa, njia ipi inampatia mkulima nini, na kwa gharama gani? Mavuno nayo yahesabiwe yote. Anayepima mahindi peke yake katika shamba lenye maharagwe ndani yake ameyatupa maharagwe kabla ya kuanza hesabu.

4. Hesabu moja: mfuko wa DAP na lundo la samadi

Ulinganishi huwa na nguvu unaposhuka hadi kwenye kitu kimoja kinachoweza kupimwa. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP, ambayo alama yake ni 18:46:0, una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosforasi kwa kipimo cha kibiashara cha P2O5. Ikichukuliwa kuwa samadi kavu ina naitrojeni asilimia 1.5, mkulima atahitaji kilo 600 za samadi ili kuzifikia zile kilo 9, na sehemu tu ya naitrojeni hiyo itapatikana katika msimu wa kwanza. Mfuko hubebwa begani mara moja. Samadi hubebwa mizigo mingi, na katika nyumba nyingi wabebaji ni wanawake. Mwandishi anayesema kwamba samadi haina gharama ameisahau migongo hiyo.

Hata hivyo hesabu haiishii hapo. Udongo mwekundu wa nyanda za Kisii na Nyamira una chuma kingi, nao huishika fosforasi hata mizizi isiipate kwa urahisi. Maharagwe na mikunde mingine huvuta naitrojeni kutoka hewani, lakini hakuna mmea unaovuta fosforasi kutoka huko. Samadi ya ng'ombe aliyelishwa napia ya shamba lile lile huirudisha tu fosforasi iliyokuwamo, huku mazao yanayouzwa sokoni yakiipunguza kila mwaka. Hili ndilo swali gumu ambalo mtetezi wa kilimo ikolojia hana budi kulijibu: fosforasi mpya itatoka wapi?

Mtetezi wa upande wa pili naye ana swali lake. DAP ikitumiwa miaka mingi huongeza asidi katika udongo. Chai huipenda asidi, lakini mahindi na maharagwe hudhoofika, na mbolea ile ile huanza kutoa mavuno madogo kuliko zamani. Mkulima asiyepima udongo huona upungufu huo akadhani mbolea haitoshi, akaongeza nyingine, ilhali kilichohitajika ni chokaa. Juu ya hayo kuna bei. Septemba 2022 serikali ya Kenya ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 3,500 kwa ruzuku, baada ya bei kupanda hadi karibu shilingi 6,500. Mfumo unaotegemea ruzuku uandikwe pamoja na ruzuku yake, kama vile mfumo unaotegemea samadi unavyopaswa kuandikwa pamoja na kazi yake.

5. Ushahidi uliohamishwa mahali

Mwanafunzi anayetafuta mfano wa karibu hukutana na mbinu ya vuta-sukuma, iliyostawishwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, kuanzia miaka ya 1990. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi. Harufu yake huwafukuza nondo wa bungua, na mizizi yake huliangamiza gugu la kiduha. Napia hupandwa kuzunguka shamba ili kuwavuta nondo waliofukuzwa. Wakulima wengi wa ukanda wa ziwa waliripotiwa kutoka tani 1 hivi ya mahindi kwa hekta hadi tani 3.5.

Tarakimu hizo haziwezi kupandishwa mlimani hivi hivi. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilitokana na kushindwa kwa kiduha, gugu linalosumbua zaidi maeneo ya chini yenye joto kuliko nyanda za juu. Palipo na bungua lakini hapana kiduha, faida itakuwapo, ila itakuwa ndogo zaidi, na malisho ya ng'ombe huenda yakawa na thamani kuliko mahindi yenyewe. Napia nayo ilishambuliwa na ugonjwa wa udumavu magharibi mwa Kenya. Insha nzuri itaeleza ni sehemu ipi ya ushahidi inayofaa Ikonge na ipi isiyofaa, na itasema kwa nini.

6. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mizani hupatikana kwa mambo matatu: majina yasiyohukumu, mshindani mmoja kwa pande zote, na ushahidi unaotajwa pamoja na mahali pake. Mwandishi akiyatimiza hayo, halazimiki kumalizia katikati. Anaweza kudai, kwa mfano, kwamba katika shamba dogo la Ikonge lenye ng'ombe, samadi na mikunde zinaweza kuchukua nafasi ya sehemu kubwa ya naitrojeni ya kununua, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya fosforasi. Na kwamba asiye na ng'ombe wala mtu wa kumsaidia kazi hawezi kupewa ushauri huo huo. Dai hilo lina upande, tena lina masharti yanayoweza kukaguliwa shambani. Msahihishaji alitafute dai la namna hiyo kabla ya kuhesabu kurasa za kila upande.