Papa wa Fiume na duara lisiloaminika

Mwaka 1914, katika soko la samaki la Fiume, papa, taa na jamaa zao walikuwa asilimia 11.9 ya samaki wote waliouzwa. Fiume ni bandari ya Bahari ya Adriatiki ambayo leo inaitwa Rijeka, nchini Kroatia. Mwaka 1918 papa hao walifika asilimia 36.4, na kufikia 1923 walikuwa wamerudi kwenye 10.7. Katikati yake palipita Vita Kuu ya Kwanza, na wavuvi wengi hawakwenda baharini. Mwanabiolojia Umberto D'Ancona, aliyezichambua takwimu hizo, aliona wazi kuwa uvuvi ukipungua samaki hupumua. Kilichomtatiza ni kwa nini wapumue zaidi walaji kuliko wanaoliwa. Akampelekea swali Vito Volterra, mwanahisabati wa Roma ambaye alikuja kuwa baba mkwe wake.

Jibu la Volterra la 1926 lilikuwa milinganyo miwili, ambayo Alfred Lotka alikwisha kuifikia kivyake huko Marekani. Ninaiandika hapa kwa namba nyepesi nilizojichagulia, ili hesabu iende kwa kalamu tu. Si vipimo vya Adriatiki.

```
x' = x(2 - e - y)
y' = y(x - 3 - e)
```

Herufi x ni wingi wa samaki wadogo, y ni wingi wa papa, na e ni ukali wa uvuvi. Alama ya mkato juu ya herufi ina maana ya kasi ya kuongezeka. Samaki wadogo huzaana wenyewe, na hupungua kila wanapokutana na papa. Papa wasipopata chakula hufa, wakikipata huongezeka. Kukutana huko, yaani x mara y, ndiko kunakoufanya mfumo usiwe wa mistari iliyonyooka, na ndiko kunakotunyima jibu la moja kwa moja la kusema siku fulani kutakuwa na papa wangapi.

Basi tunaacha kuuliza siku, tunachora ramani. Mstari wa mlalo ni samaki wadogo, wa wima ni papa, na kila nukta ni hali moja ya bahari. Milinganyo inaipa kila nukta mshale unaoonyesha bahari itaelekea wapi. Kwa kuwa kanuni yenyewe haitazami kalenda, nukta moja ina mshale mmoja tu, leo na mwakani. Ndiyo maana njia mbili kwenye ramani hii haziwezi kukatana: pale zinapokutana bahari ingelazimika kwenda pande mbili kwa wakati mmoja.

Kwanza tunatafuta nukta za msawazo, ambapo kasi zote mbili ni sifuri. Ya kwanza ni bahari tupu, (0, 0). Ya pili inatoka kwenye mabano: papa ni 2 - e, samaki wadogo ni 3 + e. Hapo D'Ancona tayari ana jibu lake. Uvuvi ukiwa 0.5, wadogo ni 3.5 na papa 1.5, yaani papa ni asilimia 30 ya wote. Uvuvi ukikoma, wadogo wanakuwa 3 na papa 2, asilimia 40. Ukipunguza mashua, papa wanapanda na wadogo wanashuka. Bahari haihitaji hata kutulia kwenye nukta hiyo: wastani wa mzunguko mzima katika milinganyo hii huangukia papo hapo.

Lakini kuwapo kwa nukta hakusemi kama bahari itaiendea. Chungwa juu ya kichuguu limesawazika, na chungwa ndani ya bakuli limesawazika pia. Ili kuzitofautisha, tunasogea karibu sana na nukta hadi mikunjo ionekane kama mistari iliyonyooka. Kwa vitendo, tunauliza maswali manne: kasi ya kila upande inabadilikaje nikiongeza x kidogo, na nikiongeza y kidogo? Uvuvi ukiwa sifuri, kwenye bahari tupu majibu yanatoa namba 2 kwa wadogo na -3 kwa papa. Upande mmoja unakimbia, mwingine unarudi. Umbo hilo huitwa tandiko, maana tandiko la farasi lina mteremko ubavuni na mwinuko mbele na nyuma. Halina utulivu, nalo ni jambo jema: ina maana bahari hii haielekei kufa.

Kwenye (3, 2) majibu manne ni haya:

```
0  -3
2   0
```

Namba bainifu za jedwali hili zinatoka kwenye λ² = -6, kwa hiyo ni za kufikirika tupu, bila sehemu halisi. Hesabu iliyonyooshwa inasema bahari inazunguka nukta bila kukaribia wala kutoroka, kila mzunguko ukichukua takriban vipimo 2.6 vya wakati. Umbo hili ni kitovu. Henri Poincaré, aliyeanza kuzipanga nukta hizi mwaka 1881, alikipa jina hilohilo, na njia zinazozunguka huku zikisogea ndani au nje akaziita kwa neno la Kifaransa lenye maana ya meko.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hufunga daftari mapema. Philip Hartman na David Grobman, kila mmoja kwa wakati wake karibu na 1960, walithibitisha kuwa kunyoosha kunatoa sura sahihi ya jirani ya nukta, mradi hakuna namba bainifu yenye sehemu halisi ya sifuri. Kitovu ndicho kinachokosa sharti hilo. Kiasi kidogo tulichokitupa wakati wa kunyoosha kinatosha kuligeuza duara kuwa konokono, wa kuingia ndani au wa kutoka nje. Volterra alinusurika kwa njia nyingine, kwani kiasi hiki hakibadiliki kamwe njiani:

```
x - 3 ln x + y - 2 ln y
```

Kwa hiyo njia inalazimika kujifunga. Lakini tazama inavyokuwa tukiongeza ukweli mmoja mdogo, kwamba chakula cha samaki wadogo nacho kina kikomo. Badala ya 2 tunaandika 2 - 0.2x. Msawazo unahamia (3, 1.4), na namba bainifu ni -0.3 pamoja na sehemu ya kufikirika ya takriban 2.03. Sehemu halisi sasa ni hasi, hivyo hukumu ya mnyoosho inaaminika: ni konokono anayeingia ndani. Karibu na nukta, kila mzunguko unabakiza kama asilimia 40 ya ule uliotangulia. Lile duara la milele limekufa kwa kuguswa tu.

Kompyuta nayo inaweza kulidanganya. Ukisogea kwa hatua zilizonyooka za 0.1 kwenye mfumo wa awali, mayumbo madogo yanakua karibu mara mbili kila mzunguko, na utaapa umegundua bahari inayolipuka. Punguza hatua iwe 0.01. Ukuaji unashuka hadi kama asilimia 8, na hapo unajua kosa ni la hatua, si la bahari.

Jibu la D'Ancona halikufa pamoja na duara. Tukirudisha uvuvi katika mfumo uliorekebishwa, wadogo ni 3 + e na papa ni 1.4 - 1.2e: mashua zikipungua, papa bado wanapanda. Ila sasa kuna ukingo. Uvuvi ukifika 1.2, papa wanatoka hasi, maana yake nukta yao haipo tena baharini. Nukta ya wadogo peke yao, (4, 0), ambayo uvuvi ulipokuwa mdogo ilikuwa tandiko, sasa ina namba bainifu -0.8 na -0.2. Zote hasi, na njia zote zinaingia humo bila kuzunguka.