Kipande cha Chini ya Barua

Chini kabisa ya barua ya ziara ya shule huwa kuna mstari wa vitone, na chini ya vitone hivyo kuna kipande ambacho mzazi hukikata, akakitia saini na kumpa mtoto akirudishe kwa mwalimu. Barua yenyewe hubaki nyumbani. Kipande ndicho kinachorudi, au kisichorudi, na ni hicho kisichorudi kilichonishughulisha akili tangu nilipoona mwalimu mmoja wa Kitengela akipanga vipande vya darasa lake mezani mafungu mafungu, huku fungu moja likiwa halina karatasi hata moja. Lilikuwa orodha tu ya majina manane.

"Hawa ndio wanaonikosesha usingizi," aliniambia. "Aliyekataa najua amekataa. Aliyelipa najua amelipa. Hawa wanane sijui wamesema nini."

Anafundisha gredi ya 7 katika shule ya umma na ameomba jina lake lisiandikwe. Ziara aliyokuwa akiipanga ni ya Olorgesailie, huko Kajiado Magharibi kwenye barabara ya Magadi, mahali ambapo Louis na Mary Leakey walichimba miaka ya 1940 na kukuta mashoka ya mawe yametapakaa ardhini kwa mamia. Watoto wanasoma asili ya binadamu, na kwa bahati yao mojawapo ya maeneo mashuhuri duniani ya somo hilo limo ndani ya kaunti yao. Wengi hawajawahi kulitia machoni.

Kwa miaka mingi shule yake ilituma kipande cha kawaida. Mzazi anajaza jina lake na la mtoto, kisha sentensi moja inamfanya aseme mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba anamruhusu mtoto aende, na kwamba ameambatisha shilingi kadhaa. Hakuna nafasi ya kusema la kwanza bila la pili. Mzazi ambaye angependa sana mtoto aende lakini hana pesa wiki hiyo hana pa kutia saini. Kuandika kwamba hana ni aibu, na kuandika kwamba amekataa si kweli. Basi anakiacha kipande juu ya kabati. Mtoto akiulizwa shuleni, husema amesahau, na kesho yake tena amesahau.

"Mtoto wa miaka kumi na miwili hasahau ziara," mwalimu akasema. "Anaficha siri ya nyumbani."

Ndiyo sababu alikiandika kipande upya. Sasa kina visanduku vitatu, na mzazi anatia alama kimoja: namruhusu na nitalipa, namruhusu ila kwa sasa sina uwezo, simruhusu. Kinarudishwa kikiwa kimekunjwa na kubanwa kwa pini, na hakuna mwanafunzi anayetumwa kuvikusanya. Pesa zimetolewa kabisa kwenye kipande. Zinakwenda kwenye akaunti ya shule, si kwenye simu ya mwalimu, na kila anayelipa anapewa risiti. Hilo la risiti si hisani ya mwalimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inakataza mtu yeyote kukusanya malipo ya shule bila kutoa risiti rasmi, na inakataza pia mtoto kuzuiwa kuhudhuria shule kwa sababu hakulipa.

Lakini je, ziara ni kuhudhuria shule? Mwalimu anasema ikiwa inafanyika siku ya masomo, na ikiwa wiki inayofuata atawapa watoto kazi inayotokana nayo, basi aliyeachwa amekosa somo. Mwalimu mkuu wake hakubaliani naye moja kwa moja. Sikupata aliye tayari kunijibu swali hilo kwa uhakika.

Kilichonishangaza zaidi ni hesabu yake, ambayo aliifanya mbele yangu nyuma ya bahasha. Tuseme, alisema, darasa lina watoto 44. Basi ni shilingi 30,000. Maji, dawa za huduma ya kwanza na chakula cha walimu ni 3,000. Kiingilio tukikadirie shilingi 100 kwa kila mtoto. Wote wakienda, gharama ni 37,400, na ukigawa kwa 44 unapata 850 kila mmoja. Hiyo ndiyo hesabu ambayo shule nyingi hufanya na kuiandika kwenye barua. Kisha wanane wanashindwa kulipa, na pengo la shilingi 6,800 linaonekana siku mbili kabla ya safari, dereva akidai malipo yake.

Njia ya kwanza ni kuwaacha wanane. Lakini basi halipunguzi bei kwa sababu ya viti vitupu. Kinachopungua ni kiingilio chao tu, shilingi 800. Waliobaki 36 wanagawana 36,600, yaani takribani 1,017 kila mmoja. Njia ya pili ni kugawa gharama yote tangu mwanzo kwa wale 36 ambao mwalimu, kwa kulijua darasa lake, anaamini watalipa. Inakuwa 1,040 baada ya kukamilisha.

Akapiga mstari chini ya tarakimu hizo mbili na kunisukumia bahasha. Tofauti ni shilingi 23. Ukiwaacha watoto wanane shuleni siku nzima, kila mzazi anayelipa anaokoa shilingi 23.

Kwa hiyo barua yake husema 1,040. Haisemi kwamba ndani ya kiasi hicho kuna nafasi za wasioweza. Nilimuuliza kama wazazi wanaolipa hawastahili kujua. Alinyamaza kidogo. Akasema akiandika wazi, wenye uwezo nao watatia alama kisanduku cha pili, na asipoandika, anajihisi kama anayewatoza watu sadaka bila kuwaambia. Mwaka huu anafikiria kulipeleka jambo hilo kwenye mkutano wa wazazi wa darasa. Mimi ningependa liandikwe, ila si mimi ninayefunga hesabu.

Tarehe ya mwisho ya kulipa nayo ana maarifa yake. Wazazi wengi wa Kitengela hufanya kazi katika viwanda vya EPZ huko Athi River au jijini, na mshahara huingia mwisho wa mwezi. Wengine, wa upande wa Isinya na kwingineko, hutegemea kuuza mbuzi, na mbuzi huuzwa siku ya soko. Barua inayotoka tarehe 15 ikidai pesa tarehe 22 imewakosa wote wawili. Yeye huituma wiki tatu kabla, akihakikisha mwisho wa mwezi na walau siku moja ya soko la mifugo zimo katikati.

Kuhusu usalama, barua za zamani zilikuwa na sentensi moja: usalama wa wanafunzi umezingatiwa. Hiyo haimwambii mzazi chochote. Iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi, kwamba shule haitawajibika kwa lolote litakalotokea. Mwalimu aliifuta. Saini ya mzazi inaruhusu safari, alisema, haimwondolei mwalimu wajibu wa kumchunga mtoto, na mzazi anayesoma sentensi ile anajiuliza wanajiandaa kwa lipi.

Mahali pake kuna aya inayoeleza njia yenyewe. Basi litapita Isinya, likate kuelekea Kiserian, kisha literemke barabara ya Magadi kutoka Corner Baridi hadi bondeni. Mteremko huo ni mrefu na una kona, na dereva anayekanyaga breki muda wote badala ya kushuka na gia nzito anaweza kufika chini breki zimechemka. Kwa hiyo mwalimu anataka dereva aliyewahi kuipita njia hiyo, na hukutana naye kabla ya siku. Hutazama cheti cha ukaguzi wa gari na bima. Kama basi limeazimwa kutoka shule nyingine, husoma bima inamhusu nani, maana iliyoandikwa kwa wanafunzi wa shule moja huenda isiwalipe wa shule ya pili. Kila mtoto ana kiti chake na mkanda wake, hakuna kupakatana. Huhesabiwa kwa majina, si kwa vichwa, kila wanapopanda na kila wanaposhuka.

Wazazi wameanza kuisoma aya hiyo kwa makini tangu Machi 2024, wanafunzi 11 wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walipofariki Maungu basi lao lilipogongana na trela wakielekea Mombasa kwa ziara ya masomo. Marufuku ya mabasi ya shule kusafiri usiku ilisisitizwa tena baada ya hapo. Barua ya mwalimu huyu inataja saa kumi jioni kuwa saa ya kufika shuleni, na kipande kina mstari wa jina na simu ya atakayempokea mtoto, kwa sababu saa kumi wazazi wengi wa Kitengela bado wako kazini. Kuna pia mstari wa ugonjwa. Huko bondeni kuna joto na vumbi, hospitali ziko mbali, na mtoto wa pumu aliyesahau dawa yake ya kuvuta ni jambo la kujua kabla ya kuondoka, si mkiwa Oltepesi.

Saini za kughushi hazimpi taabu sana. Vipande vitano vikija na kalamu ileile na mwandiko unaolala upande mmoja, anajua kuna kijana darasani aliyefungua ofisi. Huvilinganisha na saini zilizo kwenye daftari za kazi ya nyumbani, kisha hupiga simu. Kwa mzazi asiyesoma, hutuma barua kwa sauti kupitia simu, kwa Kiswahili, na mwenzake huirudia kwa Kimaasai. Alama ya kidole gumba inakubalika. Kabla ya hapo barua ilisomwa nyumbani na mtoto mwenyewe, na mtoto husoma anachotaka kisikike.

Tangu aweke visanduku vitatu, fungu la kimya limepungua, lakini halijaisha. Sheria yake kuhusu waliobaki ni moja: pesa hazipandishi mtu basi, kipande ndicho kinachompandisha. Asiyelipa chochote lakini ana ruhusa anakwenda. Aliyelipa zote bila ruhusa anabaki, na pesa zinarudishwa. Kuna msichana aliyebaki hivyo safari iliyopita. Shangazi alikuwa amelipa, baba yuko kazini mbali, simu yake haipatikani, na mama hayupo nyumbani. Baba alipiga mwenyewe saa tatu asubuhi na kusema aende tu, basi likiwa limeshapita Kiserian.

Mwalimu mwenzake anasema ingetosha kumpigia shangazi mapema, kuandika jibu lake kwenye kitabu pamoja na saa, na mwalimu wa pili atie saini kama shahidi. Yeye anasema shangazi si mlezi kwenye rekodi za shule. Wamelibishania muhula mzima, na kwenye barua mpya wameongeza mstari wa mlezi wa pili.